Kupanga taa za jengo la madarasa: anza na vumbi, ndipo uhesabu taa

Darasa nililopelekwa kulipima lilikuwa na miaka minne tu tangu likabidhiwe. Taa zote zilikuwa zinawaka, hakuna hata moja iliyoungua, lakini walimu walilalamika kwamba jioni kidato cha nne hawaoni vizuri. Nikaweka kipima luksi juu ya dawati la katikati. Hakikufika 230. Nikapanda ngazi, nikafuta taa moja kwa kitambaa, na kitambaa kikashuka rangi ya matofali. Barabara ya vumbi inapita mita chache kutoka dirishani, na shule haikuwa na ngazi. Ile niliyopanda nilikuja nayo mwenyewe.

Mchoro wake ulikuwa na hesabu sahihi kabisa, isipokuwa tarakimu moja: kigezo cha matunzo kilichoandikwa 0.8, kwa sababu ndicho ambacho kila mtu huandika. Mwongozo huu utapita hatua zote za jengo kama lile, lakini nitakaa sana pale.

Mfano wetu ni jengo la kawaida la madarasa manne yaliyo kwenye mstari mmoja, na baraza mbele. Kila darasa lina mita 9 kwa 7, dari jeupe liko mita 3 kutoka sakafuni, ubao uko kwenye ukuta mfupi, na madirisha yako kwenye kuta ndefu.

Hatua ya 1: Amua unataka luksi ngapi, na wapi

Kiwango cha kimataifa cha ISO 8995 cha mwaka 2002 kilitaka wastani wa luksi 300 juu ya madawati ya darasa, luksi 500 kwenye ubao, na 500 kwa madarasa ya jioni na ya watu wazima. Wazungu katika EN 12464-1 ya mwaka 2021 wamepandisha darasa la kawaida hadi 500. Kwa shule ya kutwa ambayo taa huwashwa siku za mawingu na saa chache za jioni, mimi hupanga kwa 300. Ikiwa ni bweni na wanafunzi wanajisomea kila usiku, zungumza na mwenye jengo kuhusu 500 kabla hujachora chochote, kwa maana idadi ya taa itaongezeka kwa kama theluthi mbili. Baraza na njia za kupita zinatosha kwa 100, ngazi 150. Sitayarudia hayo.

Jambo moja husahaulika: hizo 300 ni wastani ambao darasa halipaswi kushuka chini yake hadi siku ya matunzo. Siku ya makabidhiano lazima usome zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta kigezo cha matunzo kwa kuuliza maswali

Kigezo hiki, MF, ni sehemu ya mwanga wa siku ya kwanza itakayobaki baada ya taa kuzeeka na uchafu kuingia. Kinatokana na kuzidisha vitu vinne: mwanga unaobaki kadiri taa inavyochakaa, taa zinazobaki hai, usafi wa taa yenyewe, na usafi wa kuta na dari.

Kuzeeka kwa taa ndiko rahisi. Karatasi ya vipimo ya mtengenezaji ikisema L80 kwa saa 50,000, maana yake baada ya saa hizo taa inatoa asilimia 80 ya mwanga wake wa mwanzo. Shule yetu inawasha kama saa 1,500 kwa mwaka. Kwa miaka 10 ni saa 15,000, kwa hiyo upungufu ni kama asilimia 6, na tunaandika 0.94. Taa ikiungua itabadilishwa mara moja, basi sehemu ya pili ni 1.

Usafi wa taa ndio uliolihukumu darasa lile. Usiandike tarakimu hiyo kabla hujamuuliza mkuu wa shule mambo matatu: Nani atafuta taa? Mara ngapi? Ngazi iko wapi? Akisema mhudumu atafuta kila likizo ya Desemba na ngazi ipo stoo, kwa eneo la vumbi mimi huweka 0.85. Akicheka, nashuka hadi 0.70. Kuta na dari zinazopakwa rangi kila baada ya miaka michache naziwekea 0.94.

```
MF = 0.94 x 1 x 0.85 x 0.94 = 0.75   (zinafutwa kila mwaka)
MF = 0.94 x 1 x 0.70 x 0.94 = 0.62   (hazifutwi)
```

Pengo hilo la 0.13 ni kubwa. Umbo la taa pia lina neno lake hapa: taa iliyofungwa pande zote kwa kifuniko na mpira wa kuzuia vumbi huchafuka nje tu, na nje hufutika. Taa ya wazi juu hukusanya vumbi na mbu waliokufa kwenye bati la kuakisi, na ukiwa chini huvioni.

Hatua ya 3: Hesabu idadi ya taa

Kwanza kipimo cha chumba, K. Urefu wa kutoka dawatini (mita 0.75) hadi kwenye taa iliyobandikwa darini ni mita 2.25.

```
K = (9 x 7) / (2.25 x (9 + 7)) = 1.75
```

Ukiwa na K, fungua jedwali la mtengenezaji usome UF, yaani sehemu ya mwanga wa taa inayofika dawatini. Jedwali hilo linakutaka ujue jinsi dari, kuta na sakafu zinavyorudisha mwanga. Kwa dari jeupe, kuta za rangi ya maziwa na sakafu ya saruji, safu ya 70/50/20 inafaa. Taa ndefu ya futi nne niliyochagua, wati 36 na lumeni 4,000 za mwanga, inasoma UF 0.58. Tahadhari: shule zetu nyingi hupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta ya kijani kibichi au kahawia ili uchafu usionekane. Ukuta wa namna hiyo haurudishi nusu ya mwanga, na UF lazima isomwe kwenye safu ya chini. Mara nyingi ni nafuu kumwomba msanifu abadilishe rangi kuliko kuongeza taa. Sasa idadi ya taa, N, inatokana na luksi unazotaka, E, eneo la chumba, A, na lumeni za taa moja, F:

```
N = (E x A) / (F x UF x MF)
N = (300 x 63) / (4000 x 0.58 x 0.75) = 10.9
```

Tunaweka 12, maana zinapangika. Wastani utakaodumu ni luksi 331, na siku ya kwanza, taa zikiwa mpya, karibu 442.

Sasa tazama kilichotokea kwenye darasa la vumbi. Kwa MF ya 0.8 jibu ni 10.2, fundi akapunguza hadi 10. Siku ya makabidhiano walisoma kama 368 na kila mtu akatia sahihi. Bila kufutwa, 368 mara 0.62 ni 228. Kipima luksi changu hakikudanganya.

Hatua ya 4: Zipange

Safu tatu za taa nne nne. Safu zinakimbia na urefu wa darasa, kuelekea ubaoni, taa zikiwa zimelala upande huohuo, ili mwanafunzi aone ncha ya taa badala ya ubavu wake. Nafasi baina ya taa kwenye safu ni mita 2.25, na baina ya safu ni 2.33. Nusu ya nafasi hizo ndiyo unayoiacha ukutani: mita 1.13 mwanzo wa safu, na 1.17 upande wa madirisha. Gawanya 2.33 kwa urefu wa 2.25 upate 1.04, iliyo chini ya kikomo ambacho mtengenezaji hutoa kwa taa za aina hii, kwa kawaida 1.25 au zaidi. Hapo hakutakuwa na madoa ya giza katikati ya madawati.

Swichi zifuate safu, si nusu ya mbele na nusu ya nyuma. Safu za madirishani zizimwe mchana huku ya katikati ikibaki.

Halafu pangaboi. Panga likiwa chini ya taa, kivuli chake hukata mwanga mara kadhaa kwa sekunde na daftari hupepesa. Nimeona mwalimu akizima feni kwenye joto la Machi kwa sababu hiyo tu. Weka mapangaboi katikati ya safu mbili. Kutoka katikati ya feni hadi kwenye taa patakuwa na mita 1.17, na panga la kawaida lina urefu wa kama mita 0.7, kwa hiyo panga halifiki chini ya taa. Hakikisha mchoro wa feni na wa taa imewekwa mmoja juu ya mwingine, kwa sababu mara nyingi huchorwa na watu wawili wasioonana.

Hatua ya 5: Mng'ao unaoumiza macho

Kikomo cha darasa ni 19 kwenye kipimo cha mng'ao kiitwacho UGR. Hii haihesabiwi kwa jicho. Mtengenezaji mzuri hutoa jedwali la UGR, na unalisoma kwa vipimo vya chumba vilivyogawanywa kwa urefu kutoka jicho la aliyeketi (mita 1.2) hadi kwenye taa, yaani 1.8, ambao jedwali huuita H. Upana 7 unakuwa karibu 4H, na urefu 9 unakuwa 5H. Soma 4H kwa 4H na 4H kwa 6H, chukua kubwa. Jedwali lina pande mbili, kwa kutazama ubavu na kutazama ncha. Tyubu tupu isiyo na kifuniko itazidi 19 katika chumba kama hiki. Kifuniko cha plastiki nyeupe hupunguza makali, lakini mara nyingi bado huzidi kidogo. Chenye michongo midogo ya prizimu ndicho hushuka chini ya 19. Karatasi isiyo na jedwali hilo, mrudishie muuzaji.

UGR haisemi lolote kuhusu ubao. Ubao mweupe wa kalamu ni kama kioo, na taa zinaweza kuonekana ndani yake. Mwanafunzi aliye mita D kutoka ubaoni ataona taa iliyo mita d kutoka ubaoni kwenye kimo hiki:

```
y = 1.2 + 1.8 x D / (D + d)
```

Ubao unaishia mita 2.1. Mwanafunzi wa mbele yuko mita 2. Taa ya kwanza, iliyo mita 1.13, inaonekana kwenye kimo cha 2.35, juu ya ubao, sawa. Taa ya pili iko mita 3.38, na picha yake inaangukia 1.87, katikati ya maandishi. Anayekaa mita 4 kutoka ubaoni haioni hiyo, lakini taa ya tatu, iliyo mita 5.63, kwake inaangukia 1.95. Ndiyo maana wanafunzi huhamahama viti na mwalimu hudhani ni utundu. Dawa ni ubao usiong'aa.

Luksi 500 za ubao hazitatoka kwa taa hizi. Ongeza taa mbili zenye kumwaga mwanga upande mmoja, kwenye mita 0.8 kutoka ubaoni, na swichi yake peke yake.

Hatua ya 6: Pima usiku, kisha andika

Siku ya makabidhiano njoo baada ya jua kuzama. Washa taa, subiri zitulie, pima kwenye gridi ya alama kimo cha dawati, ukiacha nusu mita ukutani, tafuta wastani. Kwa darasa letu tarajia karibu 440. Ukisoma 330 mkandarasi akakuambia "si imezidi 300, mhandisi?", usitie sahihi: taa mpya zinazosoma 330 zitakuwa chini ya 250 kabla ya muda wa matunzo kwisha. Kagua kwanza kama taa zilizofungwa ni za lumeni ulizoandika. Mara nyingi kisa ni hicho.

Namba hiyo, tarehe, na mwezi wa kufuta taa viandikwe kwenye karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha fyuzi. Ngazi iandikwe kwenye orodha ya vifaa vya mradi, pamoja na waya na swichi.