Fomula moja kwa jedwali zima: kuhesabu kwa aina na hali kwa pamoja

Nimemsaidia mwenzangu aliyekuwa na orodha ya maombi ya matengenezo kwenye Excel. Alikuwa ameandika fomula 12 kwa mkono, moja kwa kila seli, na mbili kati yake zilikuwa na makosa. Kazi hiyo inahitaji fomula moja tu, mradi alama za dola zikae mahali pake.

1. Panga jedwali

Orodha iko safu A hadi C: namba ya ombi, aina, hali. Mstari wa 1 ni vichwa, data inaanzia mstari wa 2 na kuishia wa 241, yaani maombi 240. Pembeni, kwenye F2 hadi F5, andika aina: Umeme, Maji, Samani, Kompyuta. Kwenye G1 hadi I1 andika hali: Mpya, Inashughulikiwa, Imekwisha. F1 iache wazi.

2. Andika fomula kwenye G2

```
=COUNTIFS($B$2:$B$241,$F2,$C$2:$C$241,G$1)
```

Kama kompyuta yako inatumia mkato kwa desimali, huenda ikakudai nukta mkato kati ya vipengele badala ya mkato.

3. Elewa dola kabla ya kunakili

Hapa ndipo watu wanapopotelea, kwa hiyo usipite haraka. Dola hufunga kile kinachoifuata. `$F2` imefunga safu F lakini imeacha mstari huru: ukinakili kulia, bado inasoma jina la aina kwenye F, ukinakili chini, inahamia F3, yaani Maji. `G$1` ni kinyume chake: mstari wa 1 umefungwa, safu inatembea kwenda H na I. Orodha zenyewe zimefungwa pande zote mbili kwa sababu hazitakiwi kusogea kabisa.

Ukisahau dola zote, seli zinazofuata zitajaa sifuri, maana fomula ya G3 itakuwa inatafuta hali iliyoandikwa kwenye G2, na pale kuna namba. Kosa hilo unaliona mara moja. Linalotisha ni hili: `$F2` na `G$1` ziko sawa, ila orodha umeiandika `$B2:$B241` na `$C2:$C241`. Ukinakili chini, orodha inateleza: mstari wa Maji unahesabu kuanzia mstari wa 3, wa Samani kuanzia wa 4, wa Kompyuta kuanzia wa 5. Majibu yanapungua moja au mawili, au hayapungui kabisa, kutegemea kilichoandikwa juu ya orodha. Jedwali linaonekana zuri na ni la uongo. Njia ya kujua ni kubofya mara mbili seli ya mwisho, I5, na kutazama masanduku ya rangi kwenye safu B na C: lazima yaanzie mstari wa 2.

Usichape dola kwa kidole. Weka kishale kwenye rejeo ndani ya fomula, bonyeza F4: mara ya kwanza inafunga vyote, ya pili mstari tu, ya tatu safu tu, ya nne inafungua. Kwenye baadhi ya kompyuta mpakato unashika Fn pia.

4. Nakili

Nakili G2, chagua G2 hadi I5, bandika.

5. Hakiki jumla

Linganisha `=SUM(G2:I5)` na `=COUNTA(A2:A241)`. Kwa mwenzangu zilitoka 236 na 240. Kuyapata manne yaliyopotea, andika hii kwenye D2 na uiteremshe hadi D241:

```
=COUNTIF($F$2:$F$5,B2)*COUNTIF($G$1:$I$1,C2)
```

Penye 0 ndipo penye tatizo. Mistari mitatu ilikuwa na "Maji" yenye nafasi tupu mwishoni, isiyoonekana kwa macho. `=LEN(B17)` ilitoa 5 badala ya 4. Herufi kubwa na ndogo hazisumbui COUNTIFS, lakini nafasi inaifanya ione neno jingine. Safisha kwa TRIM kwenye safu ya pembeni, kisha bandika thamani juu ya data ya zamani.

Mstari wa nne haukuwa na hali. Kuongeza kichwa kitupu kwenye J1 hakusaidii, kwa sababu kigezo kinachoelekea seli tupu husomwa kama 0. Andika "Haijajazwa" kwenye J1, na safu hiyo uipe fomula yake:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$241,$F2,$C$2:$C$241,"")
```

Sasa jumla iandike `=SUM(G2:J5)`, na 240 inatimia.

Kuna watakaokwambia utumie jedwali egemeo. Kwa ripoti ya kila wiki mimi nachagua fomula hii, kwa sababu kwenye matoleo mengi ya Excel jedwali egemeo hubaki na namba za zamani mpaka uliburudishe. Orodha ikiwa inaongezeka kila siku, badilisha `$B$2:$B$241` kuwa `$B:$B` na `$C$2:$C$241` kuwa `$C:$C`, ila kwenye safu ya Haijajazwa tu ndipo uongeze kigezo `$A:$A,"<>"` ili kuhesabu mistari yenye namba ya ombi pekee.