Nusu eka ya vitunguu: pampu iwake kwa muda gani?

Wengi wanaomwagilia kwa mashine ya petroli huzima pampu kwa moja ya sababu mbili: mafuta yameisha, au jaruba la mwisho limejaa. Zote mbili hazisemi lolote kuhusu kiasi cha maji kilichofika kwenye mizizi. Hapa nitafanya hesabu ya shamba moja mwanzo hadi mwisho, kisha wewe ubadilishe namba ziwe za kwako. Shamba lenyewe ni nusu eka ya vitunguu kwenye majaruba, kiangazi, udongo tifutifu, maji yakitoka mtoni kwa pampu ya inchi 2.

Kanuni yote imesimama juu ya jambo moja: milimita 1 ya maji ikitandazwa juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Ukishalishika hilo, kilichobaki ni kuzidisha na kugawanya.

```
Muda (dakika) = Eneo (m²) × Kina (mm) ÷ Ufanisi ÷ Mtiririko (lita kwa dakika)
```

Hatua ya 1: Pima eneo linalonyweshwa, si shamba zima

Shamba letu lina mita 50 kwa 40, yaani mita za mraba 2,000, karibu nusu eka kamili. Lakini humo ndani kuna matuta, njia za kupita na mfereji, na huko hatupeleki maji kwa makusudi. Kwa hiyo pima jaruba moja ndani kwa ndani, kutoka chini ya tuta hadi chini ya tuta la pili, halafu hesabu majaruba. Ya hapa yana mita 4 kwa 3, na yako 140. Kila moja ni mita za mraba 12, jumla 1,680. Ungechukua 2,000 ungepampu maji ya ziada kwa karibu moja ya tano, kila mara unapomwagilia.

Kama majaruba yako hayalingani, pima matano au sita ya ukubwa tofauti, tafuta wastani. Inatosha.

Hatua ya 2: Jua udongo unabeba maji kiasi gani

Hapa ndipo watu wengi huruka, wakaanza na swali la siku: "nimwagilie kila baada ya siku ngapi?" Siku ndizo zinazotokana na kina, si kinyume chake.

Udongo tifutifu hushika takriban milimita 150 za maji ambayo mmea unaweza kuyatumia, katika kila mita 1 ya kwenda chini. Kichanga hushika kama nusu ya hapo, mfinyanzi huzidi kidogo. Mizizi ya kitunguu kilichokomaa majani haiendi mbali. Nachukua sentimita 40. Kwa hiyo ghala la kitunguu chetu ni milimita 60.

Ila huwezi kuliacha ghala hilo likauke. Kitunguu hakivumilii kiu. Kikishatumia kama asilimia 30 ya maji hayo, ukuaji unaanza kupungua hata kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote. Asilimia 30 ya 60 ni milimita 18. Hicho ndicho kina tunachotakiwa kurudisha kila zamu.

Sasa siku. Kiangazi chenye jua kali na upepo, vitunguu vilivyofunika ardhi hutumia kama milimita 6 kwa siku. Gawanya 18 kwa 6, unapata siku 3. Ukiwa na kichanga, hesabu ileile itakuambia umwagilie karibu kila baada ya siku moja na nusu, na kila mara nusu ya maji haya. Anayemwaga mara moja kwa wiki kwenye kichanga, hata akijaza jaruba mpaka matuta yapasuke, analisha maji chini ya mizizi.

Miche iliyohamishwa karibuni ina mizizi mifupi na inatumia maji machache zaidi, hivyo weka sentimita 20 badala ya 40 na urudie hesabu. Usitumie namba za kitunguu kikubwa kuanzia siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Ongeza yale yatakayopotea

Milimita 18 ni za kwenye mizizi. Katika jaruba maji hayatandazwi sawa kama chai kwenye sinia: upande yanakoingilia hunywa zaidi, kona ya mbali hunywa kidogo, mengine huzama chini ya mizizi. Kwa majaruba yanayolishwa kwa mpira, nahesabu ufanisi wa asilimia 60. Kwa hiyo 18 gawanya kwa 0.6, unapata milimita 30 za kutoka kwenye mpira.

Kama unapitisha maji kwenye mfereji wa udongo badala ya mpira, punguza tena, kwa sababu mfereji nao unakunywa. Mfereji mfupi wa tifutifu hula kama asilimia 15, hivyo ufanisi wako wote unashuka hadi karibu asilimia 50.

Jumla ya maji ya zamu moja: 1,680 × 30 = lita 50,400.

Hatua ya 4: Pima mtiririko wewe mwenyewe

Kibandiko cha pampu hii kinasema lita 600 kwa dakika na kimo cha mita 30. Si uongo, lakini namba hizo mbili hazitokei kwa wakati mmoja. Zile lita 600 ni pampu ikitoa maji bila kuyapandisha popote. Ile mita 30 ni pale maji yanaposimama ndani ya mpira na hakuna hata tone linalotoka. Shamba lako liko mahali fulani katikati, na mahali hapo hapajaandikwa popote.

Chukua pipa la lita 200. Usiliamini mpaka juu, maana likijaa kabisa huzidi 200. Mimina ndoo ya lita 20 mara kumi, kisha weka alama ya rangi mahali maji yalipofika. Lipeleke pipa kwenye mdomo wa mpira ukiwa umenyooshwa urefu wake wote, sehemu ya shamba iliyo juu kuliko zote. Kupima kando ya pampu ni kujidanganya, kwa sababu mpira mrefu na mwinuko ndivyo vinavyokula nguvu. Weka resi ileile unayoitumia siku zote, acha mashine itulie kwa dakika chache, ndipo uelekeze maji kwenye pipa huku ukiangalia saa ya simu. Rudia mara tatu.

Tuseme umepata sekunde 39, 41 na 40. Wastani ni 40. Lita 200 kwa sekunde 40 ni lita 5 kwa sekunde, au lita 300 kwa dakika. Nusu ya kibandiko.

Vipimo vitatu vikitofautiana sana, mfano 38 kisha 52, usitafute wastani. Kuna hewa inaingia kwenye mpira wa kunyonyea, au chujio limekabwa na majani. Hewa utaitambua kwenye mdomo wa mpira: maji yanatoka kwa kukohoa, na yana povu. Kaza vibano kwanza, pima tena.

Hatua ya 5: Gawanya

50,400 ÷ 300 = dakika 168, yaani saa 2 na dakika 48.

Ungeamini kibandiko ungepata dakika 84, ungezima pampu, na nusu ya majaruba yangebaki makavu. Au, kama ni mtu wa kugawa sawa, yote yangepata nusu ya kipimo.

Lakini hakuna anayesimama shambani na dakika 168 kichwani. Geuza ziwe muda wa jaruba moja: mita za mraba 12 × milimita 30 = lita 360, gawanya kwa lita 5 kwa sekunde, ni sekunde 72. Jihakiki: 72 × 140 ni sekunde 10,080, ambazo ni zilezile dakika 168. Anayeshika mpira ahesabu kuanzia maji yanapoingia jaruba hili hadi yanapoingia linalofuata, ili muda wa kuhama uwe ndani ya hizo 72.

Hatua ya 6: Uliza udongo

Kesho yake asubuhi, chukua kipande cha nondo nyembamba, usiinoe, usukume kwa mkono ndani ya jaruba. Kwenye udongo uliolowa inazama. Ikifika pakavu inagoma. Fanya hivyo upande wa kuingilia maji na kona ya mbali, katika majaruba kadhaa.

Ikigoma kwenye sentimita 20 pande zote, maji hayakutosha: ama mtiririko ulishuka, ama zamu ilichelewa na ardhi ilikauka kuliko ulivyodhani. Ikipita 60 kwa urahisi, punguza sekunde. Ikizama upande mmoja tu, tatizo si muda bali jaruba halijasawazishwa, na kuongeza dakika kutazidisha upotevu bila kuifikia ile kona. Kabla ya kuamua, chimba kwa jembe mahali pamoja uone kama nondo iligomea ukavu au jiwe au lile tabaka gumu la chini ya kina cha jembe.

Mvua na mto vikibadilika

Mvua ipime kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Ikinyesha milimita 10, itoe kwenye 18, usiitoe kwenye 30, kwa sababu mvua imetandaa yenyewe na haina upotevu wa mpira. Zinabaki 8, gawanya kwa 0.6, kama milimita 13, na pampu ingewaka karibu dakika 75. Mimi kwa jaruba nisingemwaga kiasi hicho. Maji kidogo hivyo hayafiki kona ya mbali. Ningesubiri karibu siku mbili zaidi, kisha nitoe kipimo kizima. Manyunyu ya chini ya milimita 5 siyahesabu kabisa.

Mto ukishuka, pampu inavuta kutoka chini zaidi na inatoa kidogo. Pima pipa upya. Likijaa kwa sekunde 50, mtiririko ni lita 4 kwa sekunde, jaruba linataka sekunde 90, na zamu nzima inakuwa saa 3 na nusu. Likipita dakika nzima wakati chujio ni safi na hakuna hewa, usiongeze muda. Teremsha mashine karibu na maji. Kutoka usawa wa maji hadi kwenye pampu, kimo cha zaidi ya mita 7 hakivutiki kwa mashine hizi hata ukiongeza resi. Urefu wowote unaohitaji uweke upande wa kusukuma, na mpira wa kunyonyea uwe mfupi kadiri kingo za mto zinavyokuruhusu.