Ile "m" ya mwanzo ni mizani kamili

Swali la kuchagua kuhusu shairi likikuuliza idadi ya mizani, yaani silabi, katika kipande cha mshororo, tamka kipande hicho polepole huku ukigonga kidole kwa kila silabi. Chukua "Mtoto wangu sikia": m-to-to-wa-ngu-si-ki-a. Ni 8. Wengi hupata 7 kwa sababu humeza ile "m" ya mwanzo, na mtunzi wa swali anajua, ndiyo maana 7 huwekwa kati ya majibu. Lakini "ngu" ni pigo moja tu, usiikate "n" hapo. Katika "nchi", "n" inasimama peke yake: n-chi.

Kina nacho ni silabi ya mwisho tu. Hapa ni "a", si "kia".