Asilimia au saa? Namna ya kupima video fupi na ndefu za YouTube

Juzi mwenzetu aliuliza: "Video yangu fupi inatazamwa kwa wastani wa asilimia 70 ya urefu wake, ndefu 40. Niache kutengeneza ndefu?" Usiache kwanza. Tuzipime kwa mfano wa chaneli yangu ya mapishi.

Hatua ya 1: Weka kipindi kimoja. Video ya mwaka jana imekusanya saa za kutazamwa kwa muda mrefu, kwa hiyo ukiilinganisha na ya wiki iliyopita unaionea mpya. Ndani ya YouTube Studio fungua `Analytics` ya kila video, kisha chukua siku zake 28 za kwanza tangu ulipoipandisha.

Hatua ya 2: Andika namba tatu. Unahitaji `Views`, `Average view duration` na `Average percentage viewed`. Zangu zilikuwa hivi. Video ya kupika chai ya tangawizi, yenye dakika 1 na nusu, ilipata mitazamo 2,000 na wastani wa sekunde 63, yaani asilimia 70. Ya vitumbua, yenye dakika 12, ilipata mitazamo 900 na wastani wa dakika 4 na sekunde 48, yaani asilimia 40.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya saa.

```
saa = mitazamo × wastani wa sekunde ÷ 3600
chai:     2000 × 63  ÷ 3600 = 35
vitumbua:  900 × 288 ÷ 3600 = 72
```

Vitumbua, vilivyoonekana vimeshindwa kwa asilimia, vimeleta saa mara mbili na zaidi, tena kwa mitazamo isiyofika nusu ya ile ya chai. Kumaliza dakika moja na nusu ni rahisi kwa mtu yeyote. Kukaa karibu dakika tano na mtu usiyemjua kunataka sababu. Ndiyo maana asilimia naitumia kulinganisha video za urefu unaokaribiana tu, vitumbua na maandazi kwa mfano, zote za dakika 10 hadi 12. Nikitaka kujua ipi inabeba chaneli, naangalia saa.

Hatua ya 4: Kabla hujakata sehemu ya video, soma grafu yake inayoonyesha watazamaji wanabaki wapi na wanaondoka wapi. Hapa niliumia mwenyewe. Nilitaka asilimia ipande, basi video iliyofuata, ya mkate wa kumimina, nikaibana hadi dakika 6. Asilimia ilipanda hadi 55, nikafurahi. Lakini 55 ya dakika 6 ni dakika 3 na sekunde 18, kwa hiyo kila mtazamaji alikaa nami dakika moja na nusu pungufu kuliko kwenye vitumbua. Nilikuwa nimeondoa maelezo ya uzito wa uji wa mchele, na maswali yote ya chini ya video yakawa hayo hayo: "uji uwe mzito kiasi gani?"

Nikarudi kwenye grafu ya vitumbua. Pale blenda inaposaga mchele sekunde 40 bila mimi kusema neno, mstari unaporomoka. Pale ninapoinua upawa uji ukamiminika kama utepe, mstari unapanda, maana watu wanarudisha nyuma waone tena. Kata penye poromoko, acha penye mwinuko. Ukikata vizuri, asilimia inapanda na dakika za wastani hazishuki. Zikishuka, umekata nyama badala ya mfupa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Shorts yangu inaonyesha asilimia 115. Ni kosa la mfumo?*
Si kosa. Shorts ikiisha inajirudia yenyewe, na mtu akiitazama mara ya pili sekunde hizo zinaongezwa. Kwa hiyo ilinganishe na Shorts nyingine zenye urefu kama wake, usiiweke kabisa pembeni ya video ya kawaida.

*Nahitaji saa 4,000 ili niingie kwenye malipo ya matangazo. Nikipandisha Shorts nyingi si nitafika haraka?*
Hapana, dada. Saa zinazotoka kwenye mlisho wa Shorts hazihesabiwi katika zile 4,000 za miezi 12. Shorts zina njia yake: mitazamo halali milioni 10 ndani ya siku 90. Njia zote mbili zinataka wafuatiliaji 1,000. Ukichagua njia ya saa, nguvu zako zipeleke kwenye video ndefu.

*Video yangu ina saa nyingi kwa sababu niliituma kwenye magrupu ya WhatsApp. Nitajuaje kama YouTube yenyewe inaipeleka kwa watu?*
Fungua sehemu ya `Reach`, utafute `Impressions`, yaani mara ambazo kijipicha chako kimeonyeshwa ndani ya YouTube. Kiungo cha WhatsApp hakimo humo. Mchoro wake unaonyesha pia saa zilizotokana na vijipicha hivyo peke yake. Gawa saa hizo kwa idadi ya `Impressions`, ufanye hivyo kwa video zako mbili, fupi na ndefu, kisha ulinganishe: yenye jibu kubwa ndiyo inayopata saa nyingi zaidi kila YouTube inapoionyesha. Usigawe saa zote za video, maana za WhatsApp zitaipa sifa isiyo yake.