Kila Jumanne kituoni: kutunza urafiki ukiwa mbali

Miaka miwili ya mwanzo hapa Minneapolis, mimi na shoga yangu wa Tanga tulikuwa tunaongea mara tatu au nne kwa mwaka. Simu ilikwenda saa mbili, na sehemu kubwa ya mwanzo ilikuwa kuombana radhi kwa kimya. Kadiri miezi ilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kupiga, maana mengi yalikuwa yamelundikana na mimi nasubiri jioni nzima isiyo na kazi. Jioni hiyo haikuja. Siku nilipopiga ndipo nikasikia kwamba mama yake alishatolewa mtoto wa jicho, akapona, akarudi shambani Muheza. Sikujua hata kwamba alikuwa haoni vizuri. "Ningeanzia wapi, mwenzangu?" akaniambia. Neno hilo liliniuma.

Sasa kila Jumanne nikitoka zamu ya usiku, namtumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp nikisubiri basi. Hauzidi dakika mbili. Nimeufunga kwenye kituo cha basi kwa sababu pale nitakuwepo tu, nitake nisitake. Ukisema utamtafuta rafiki ukipata nafasi, wiki zitapita. Tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila wiki, kama kufua au kwenda kazini, ulibandike hapo.

Saa 1 asubuhi hapa, wakati wa baridi, ni saa 10 jioni Tanga. Jumapili ya pili ya Machi saa zetu husogezwa mbele, kwa hiyo huko inakuwa saa 9, mpaka Jumapili ya kwanza ya Novemba. Zamani mabadiliko hayo yalitukosesha simu tulizopangiana. Tena shoga yangu ni fundi cherehani Ngamiani, na jioni ndipo wateja wanapokuja kupima. Simu ingemkuta na pini mdomoni. Sauti inamsubiri mpaka afunge duka.

Kuhusu cha kusema, "habari za huko?" italeta "nzuri" na mazungumzo yameishia hapo. Mimi hueleza jambo moja dogo la siku hiyo, kisha nauliza swali moja linalotokana na alichonieleza wiki iliyopita. Kwa mfano: "Leo theluji imenifika magotini, nimepita nayo hivyo hivyo mpaka kituoni. Enhe, yule bi harusi anayebadilisha mshono kila siku, ameshachukua gauni lake?" Swali la namna hiyo linamwonyesha kwamba nilimsikiliza, na jibu lake linakuja na stori ya wiki ijayo. Ukituma dakika tisa, utakuwa umempa kazi. Ataahirisha kusikiliza, kisha ataona aibu kujibu, na mtarudi kule kule kwenye kuombana radhi.

Fikiria na bando lake. Sauti ya dakika moja haifiki hata MB moja, lakini video ya dakika hiyo hiyo inaweza kula MB nyingi. Theluji nimpigie picha moja, inatosha.

Tarehe zake naziweka kwenye kalenda ya simu. Mwanawe alipofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba, nilimtumia neno usiku wa kuamkia siku ya kwanza. Alipofiwa na shangazi yake, nilipiga siku ile ile kama kila mtu, kisha nikaandika tarehe ya arobaini. Siku hiyo simu za pole zilikuwa zimeshakatika, yangu ikaingia.

Jambo lililotutatiza zaidi ni pesa. Kuna kipindi kila nikituma sauti nilimtumia na kidogo cha vocha, nikidhani ni wema. Akaanza kupunguza kujibu. Baadaye akaniambia alikuwa anaogopa kunitafuta nisije nikadhani anaomba. Tangu hapo nimevitenganisha. Zawadi ina siku zake, Idi au shughuli, na mchango wa msiba nautoa kama ningekuwa jirani. Jumanne haina pesa.

Yapo mambo ambayo sauti haiyawezi: ndoa ikiyumba, ugonjwa, jambo la kunong'onezana. Majibu yake yakibaki "poa" na kidole gumba kwa wiki tatu mfululizo, namwandikia: "Una dakika kumi leo ukishafunga?" Ndipo napiga.

Na mmoja wenu akiruka wiki, asianze kwa kujieleza. Mwaka huu, kuelekea Idi, nguo zilimzidi, akanyamaza Jumanne tatu. Mimi nikaendelea kutuma zangu, fupi kuliko kawaida. Ya nne sauti yake ikaingia, cherehani inanguruma nyuma, hakuna salamu wala radhi: "Shoga, yule bi harusi amekuja! Kaja kulichukua, kalivaa hapa hapa dukani, sasa anataka nipunguze mikono."