Tarehe ya albamu ikae picha ya pili

Mdogo wangu wa Ujiji alitangaza albamu yake ya muziki Instagram kwa picha sita za kutelezesha, tarehe akaiweka ya mwisho. Maoni yakajaa, "Inatoka lini?" Mtu akiipita picha ya kwanza bila kutelezesha, Instagram huweza kumrudishia posti ileile baadaye ikianzia ya pili. Kwa hiyo ya kwanza iwe mstari mmoja tu wa wimbo, herufi kubwa zisomeke kwenye simu ndogo: "Karabai imezima, bado nakungoja mwaloni." Ya pili ibebe tarehe na mahali pa kusikiliza. Nyimbo mbili tatu unazoziamini zifuate. Linki usiiandike kwenye maelezo ya posti, pale haibonyezeki; iweke kwenye wasifu wako.