Namna ya kutambua tangazo lililoandikwa kama habari: mfano wa dawa ya korosho

Msimu wa kupulizia mikorosho ukikaribia, magrupu ya WhatsApp ya wakulima huku Tandahimba na Newala hujaa linki za "habari" za viuatilifu. Katibu wa AMCOS yetu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, alinitumia mojawapo, akitaka kujua kama anaweza kuwasomea wanachama mkutanoni. Ilitoka kwenye tovuti ya habari, ikieleza kwamba dawa fulani ya maji inamaliza ugonjwa wa ubwiriunga kuliko salfa. Hivi ndivyo tulivyoichunguza.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wenyewe

WhatsApp huonyesha picha na kichwa cha habari tu. Lebo ya tangazo, kama ipo, imebaki kule kwenye tovuti.

Hatua ya 2: Tafuta lebo

Angalia juu ya kichwa, karibu na jina la mwandishi, na chini kabisa baada ya aya ya mwisho, ambako huandikwa kwa herufi ndogo za kijivu. Maneno yenyewe huwa "Tangazo", "Imedhaminiwa", "Sponsored", "Promoted" au "Partner Content". Ukiliona mojawapo, kazi imeisha. Makala ya katibu haikuwa na lebo yoyote.

"Na Mwandishi Wetu" isikutie shaka peke yake. Magazeti yetu huitumia hata kwenye habari halali kabisa.

Hatua ya 3: Soma kodi ya ukurasa

Kodi ni maandishi ya kompyuta yaliyo nyuma ya ukurasa. Tumia kompyuta ukiweza. Bonyeza Ctrl+U, kisha Ctrl+F, uandike `sponsored`. Kwenye Chrome ya Android, tangulizia neno hili mbele ya anwani ya ukurasa:

```
view-source:
```

Tunatafuta neno hilo kwa sababu tangu 2019 Google inazitaka tovuti ziweke kwenye linki zilizolipiwa alama ya `rel="sponsored"`, au angalau ile ya zamani ya `nofollow`. Tovuti isiyoweka hata moja inaweza kushushwa kwenye matokeo ya utafutaji. Ndiyo maana mwenye tovuti anaweza kumficha msomaji na bado akaiambia Google ukweli.

Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu neno hilo linaweza kutokea mara nyingi hata kwenye habari ya mechi ya Ndanda. Mara nyingi ni mabango ya pembeni, au mtindo wa lebo ambao fundi wa tovuti ameuweka kwenye kila ukurasa. Soma tu kilichomo kati ya `<article>` na `</article>`, na kama tovuti haina alama hizo, anza kwenye aya ya kwanza ya makala uishie ya mwisho. Ndani ya makala yetu tulikuta linki ya namna hii (anwani nimeibadilisha):

```
<a href="https://duka.example/dawa?utm_source=habari&utm_campaign=korosho" rel="sponsored">
```

Vipande vya `utm` humsaidia muuzaji kuhesabu wateja waliotoka kwenye tovuti hiyo. Lakini tovuti nyingine huvibandika zenyewe kwenye kila linki inayotoka nje, na `nofollow` nayo huwekwa hivyo hivyo, kwa hiyo usitoe hukumu kwa hivyo viwili. Fungua habari nyingine ya tovuti ileile ambayo huna shaka nayo, mathalani ya mnada wa korosho, kisha linganisha. Sisi tulichukua habari ya mnada iliyokuwa na linki ya nje, na linki hiyo haikuwa na `utm` wala `sponsored`. Tofauti hiyo ndiyo ninayoiamini kuliko alama yoyote ikisimama peke yake.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia. Alama ya `sponsored` huwekwa pia pale tovuti inapopata kamisheni kwa kila mauzo, hata kama muuzaji hakuagiza makala yenyewe. Inakuonyesha kwamba kuna fedha, haikuambii ni nani aliyeandika. Na kodi ikiwa safi, haimaanishi hakuna aliyelipwa. Bahasha aliyopewa mwandishi haionekani kwenye kodi.

Hatua ya 4: Angalia nani ameulizwa

Habari ya kweli kuhusu dawa ya ubwiriunga ingemtafuta mtu asiyeiuza. TARI Naliendele wako hapa hapa Mtwara, na utafiti wa korosho ndiyo kazi yao. Ingetaja kijiji, bei ikilinganishwa na salfa, na kasoro hata moja. Katika makala ya katibu aliyezungumza ni meneja mauzo peke yake, wakulima walitajwa kama "baadhi ya wakulima wa Kusini", na aya ya mwisho ilikuwa namba ya simu ya kuagizia.

Kisha chukua sentensi moja isiyo ya kawaida, iweke ndani ya alama za kunukuu, uitafute Google. Yetu ilitokea neno kwa neno kwenye ukurasa wa muuzaji. Ingetokea kwenye magazeti mengine tu, ingeweza kuwa taarifa ya shirika la habari, jambo ambalo ni la kawaida.

Katibu aliamua kuipeleka mkutanoni kwa jina la tangazo, na kumwomba muuzaji namba ya usajili wa dawa ili aiulizie TPHPA, mamlaka inayosajili viuatilifu, kabla chama hakijaagiza hata chupa moja.